Je, Wajua Kwa Nini Tundu Hugoma Kutoboka?

Chukua bamba la plastiki lenye urefu wa milimita 40, upana wa 30 na unene wa 10. Unataka kulitoboa katikati tundu la kipenyo cha milimita 5. Katika programu ya OpenSCAD, inayotumiwa sana na watu wa printa za 3D, unaandika hivi:

```
difference() {
  cube([40, 30, 10]);
  translate([20, 15, 0])
    cylinder(h = 10, d = 5);
}
```

Maana yake ni kwamba chukua bamba, toa mcheduara. Mcheduara una urefu wa 10, sawasawa na unene wa bamba, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kiko sahihi. Ukibonyeza F5 kuona picha ya haraka, mdomo wa tundu unajaa mabaka. Zungusha umbo kidogo, mabaka yanahama; mahali palipokuwa wazi panazibika na palipozibika panafunguka. Kadi ya picha inajaribu kujua ni uso upi uko mbele, wa bamba au wa mcheduara, na zote mbili ziko umbali uleule kutoka kwa jicho. Kila nukta ya skrini inaamuliwa na makosa madogo ya hesabu.

Mabaka hayo ni ya picha tu, na ukibonyeza F6 ili umbo likokotolewe kikamilifu, mara nyingi bamba hili litatoka na tundu safi, kwa sababu 0 na 10 za bamba ni 0 na 10 zilezile za mcheduara. Lakini ni onyo la kweli. Umetengeneza nyuso mbili zilizolala kwenye bapa moja, na hapo ndipo hesabu za kuunganisha na kutoa maumbo, zilizopewa jina la George Boole, huelemewa.

Ili kutoa umbo moja kutoka kwa jingine, programu hutafuta mistari ambamo nyuso zao zinakatana, inazipasua nyuso kufuata mistari hiyo, kisha inauliza kuhusu kila kipande: kiko ndani ya umbo jingine, au nje? Vipande vya umbo la kwanza vilivyo nje vinabaki na vilivyo ndani vinatupwa; vya umbo linalotolewa vilivyo ndani vinageuzwa na vilivyo nje vinatupwa. Utaratibu huu ni mzuri mradi nyuso zinapishana kwa pembe. Nyuso mbili zikiwa bapa moja, hakuna mstari wa kukatania. Zinagusana eneo zima. Na swali la ndani au nje linakosa jibu, kwa kuwa kipande hakiko ndani wala nje, kiko juu ya mpaka wenyewe.

Mwandishi wa programu anaweza kuongeza jibu la tatu, “mpakani”, na programu nzuri hufanya hivyo. Tatizo ni kulitambua. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu zenye kikomo, na kila hesabu inaacha mabaki. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba zake za kawaida za desimali, itakupa 0.30000000000000004. Sasa fikiria karatasi nyembamba iliyojengwa kwa tabaka mbili, ya 0.1 na ya 0.2, halafu unaitoboa kwa mcheduara wenye urefu wa 0.3. Kwako wewe urefu ni uleule. Kwa kompyuta, mcheduara umepungukiwa, na juu ya tundu unabaki utando usioonekana kwa darubini yoyote, lakini uliomo kwenye umbo.

Hali mbaya zaidi hutokea umbo likizungushwa kwa pembe kama digrii 37. Kila kona ya uso inapata kosa lake dogo. Pembetatu moja inaonekana iko ndani kidogo, jirani yake nje kidogo, ilhali zote ni za uso mmoja ulionyooka. Programu inaitupa moja na kuibakiza nyingine, na ganda linatoka na mianya. Programu ya kukata tabaka za kuchapa ikilipokea ganda kama hilo, haijui tena plastiki ianzie wapi.

Dawa yake kila fundi seremala anaifahamu kwa mikono: keekee haisimamishwi pale ubao unapoishia, inasukumwa ipite.

```
e = 0.01;
difference() {
  cube([40, 30, 10]);
  translate([20, 15, -e])
    cylinder(h = 10 + 2*e, d = 5);
}
```

Mcheduara sasa unaanzia chini ya bamba na kuishia juu yake. Kuta zake zinapishana na nyuso za bamba kwa pembe ya mraba, mistari ya kukatania inapatikana bila ubishi, na kipenyo bado ni 5. Sehemu iliyozidi iko hewani, haina cha kukata, kwa hiyo haibadilishi kipimo chochote. Ndiyo maana huongezwa urefu peke yake. Anayekuza mcheduara mzima kwa asilimia moja anapata tundu la 5.05, na skrubu yake italegea.

Mwelekeo ni muhimu kuliko kiasi. Unapotoa, umbo la kukatia lizidi kuelekea nje. Unapounganisha, kwa mfano nguzo juu ya bamba, refusha nguzo kwa chini ili izame ndani ya bamba kwa 0.01, na kilele chake kibaki palepale. Ukikosea alama ya kutoa na kujumlisha, unajitengenezea utando wa 0.01 ambao hapo awali huenda haukuwepo.

Utando wa namna hiyo haukamatiki kwa macho, ila hesabu ya Euler huukamata. Umbo likiwa limeshagawanywa kuwa pembetatu, chukua idadi ya kona, toa kingo, jumlisha nyuso. Bamba zima hutoa 2. Lenye tundu moja lililotoboka kweli hutoa 0. Ukipata 2 baada ya kutoboa, upande mmoja umezibwa; ukipata 4, pande zote mbili zimezibwa na ndani kuna pango lililofungiwa.

Kwa nini 0.01? Printa ya kawaida huchapa tabaka za karibu milimita 0.2, kwa hiyo hata ziada ikijitokeza mahali haitaonekana. Na ni kubwa mno ikilinganishwa na makosa ya hesabu. Faili za STL za kawaida huhifadhi namba za biti 32; karibu na milimita 100, namba mbili zinazofuatana zimeachana kwa takriban 0.000008.

Ila pengo hilo hukua kadiri namba zinavyokua. Jengo la mita 100 likichorwa kwa milimita, pengo linafika karibu 0.008, na ziada yako ya 0.01 inakaribia kumezwa. Anayechora jengo la Dar es Salaam kwa majira ya ramani ya UTM ana hali ngumu zaidi. Kipimo cha kaskazini pale ni zaidi ya mita 9,200,000, na kwa biti 32 namba za ukubwa huo hurukana mita nzima. Hakuna ziada ndogo itakayofaa. Mchoro usogezwe kwanza hadi karibu na sifuri, ukatwe huko, kisha urudishwe mahali pake.

Mwaka 1990 Herbert Edelsbrunner na Ernst Mücke walichapisha njia ya kuiachia programu yenyewe kazi hii. Ziada yao si namba; ni kanuni. Vitu viwili vikilingana kabisa, programu huamua kana kwamba kimojawapo kimesogezwa kwa kiasi kidogo kuliko namba yoyote, na huamua kwa mpangilio uleule kila mara, hivyo pembetatu jirani hazipingani. Maktaba ya Manifold, ambayo matoleo mapya ya OpenSCAD yanaweza kuitumia, imejengwa juu ya wazo la aina hiyo. Kwa bamba letu la kwanza, inatosha. Kwa ile karatasi ya 0.1 na 0.2 kanuni haina cha kuamua, kwa sababu namba hazikulingana. Mcheduara ni mfupi kweli, na anayeweza kuurefusha ni aliyeuandika.