Saa 10 ya nani? Namna ya kuita watu kwenye uzinduzi bila kuwapoteza njiani

Kikundi kimoja cha wamama wa komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, kilikopa pesa ili kusaga mahindi na kuuza bunga katika vifuko vya kilo 5. Hapa kwetu bila bukari nyumba haijakula, na mahindi mengi yanatoka Zambia. Kwa hiyo bunga iliyosagwa na wamama wa hapa hapa ni habari. Walichagua siku moja ya uzinduzi: wateja waonje bukari, wanunue, na wenye maduka waandike komande. Matangazo yalianza wiki tatu mbele. Ile siku, saa nne ya asubui, meza zilikuwa tayari lakini watu walihesabika kwa vidole. Saa sita wakafunga. Saa kumi ya mchana watu wengine wakaanza kufika, wakakuta kijana anafagia.

Nilikaa na mama prezidenti wa kikundi tukapitia mesaji zao moja kwa moja, kwenye telefone yake. “Mwanangu,” akaniambia, “sisi tulihesabu siku vizuri. Ni saa ndiyo ilituua.”

Kweli, tangazo la redio lilisema “saa nne ya asubui”. Lakini kijana aliyeandika mesaji ya WhatsApp aliweka “saa 10”, kwa sababu kichwani alikuwa anahesabu kwa Kifaransa. Mwenye kusoma kwa Kiswahili aliona saa kumi, ni kusema 16h00. Mesaji yote ilikuwa ya Kiswahili, sasa angeelewa namna gani ingine? Katika muji wetu hii hesabu mbili tunaishi nayo kila siku, na tunaisahau kila mara tunapoandika. Dawa ni moja tu: andika zote mbili pamoja, “saa nne ya asubui (10h00)”, na kwenye redio utaje “asubui” kila mara, hata kama unaona ni kurudia bure.

Kosa la pili lilianza mapema zaidi. Wiki ya kwanza walituma fumbo: “Kitu kikubwa kinakuja. Jitayarishe!” Hakuna picha, hakuna kartie, hakuna kitu. Watu wakafikiri ni mambo ya siasa, wengine mchezo wa bahati nasibu, wengine kampeni ya maombi. Fumbo zuri linaficha kitu kimoja tu, linaacha mengine yaonekane. Kama ni bunga, ficha jina na bei, lakini onyesha kwamba ni chakula. Kwenye redio hiyo ni rahisi: sekunde kumi na tano za mlio wa mashini ya kusaga, kisha sauti ya mwiko ndani ya sufuria, kisha “Katuba, tarehe 14.” Yule anayepika kila siku ameisha kuelewa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inamfanya aulize jirani. Wiki tatu za fumbo ni nyingi sana. Baada ya siku tano, sita, mtu aliyeuliza bila kupata jibu anaacha kuuliza.

Mara ya pili tuliandika mpango kwenye karatasi tukianzia mwisho, yaani siku yenyewe, Jumamosi tarehe 14, tukarudi nyuma. Fumbo lilitoka tangu Jumatatu tarehe 2 mpaka Ijumaa tarehe 6, kila siku saa ile ile, kabla ya habari za jioni. Jumamosi tarehe 7 wakafunua kila kitu: jina la bunga, bei, mahali, saa. Siku hiyo pia waliomba watu watume jina lao kwa namba moja ya telefone, na wale mia wa kwanza wawekewe kifuko pembeni kwa bei ya uzinduzi. Hilo la majina lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, nitarudi kwalo.

Kuhesabu siku kulianza Jumatano tarehe 11 tu. Na kabla ya kuanza, mama prezidenti alituonyesha depo: mahindi yote yameisha kusagwa, vifuko vimefungwa. Hapa umeme ukikatika siku mbili, mashini inalala. Ukisema “bado siku tatu” na bunga haijasagwa, utalazimika kuahirisha, na hesabu ya pili hakuna atakayeiamini.

Kuna mtego katika maneno “kesho” na “bado siku tatu”. Statu ya WhatsApp inakaa masaa 24. Ukiweka “ni kesho” Ijumaa saa moja ya jioni, kuna mtu ataifungua Jumamosi asubui, na kwake kesho ni Siku ya Mungu. Redio nayo ina ugonjwa huo: tukirekodi “bado siku tatu” kwa ajili ya Jumatano, na fundi wa zamu akaipiga Alhamisi, tumeisha kusukuma uzinduzi mbele siku moja. Sasa tunataja kila tangazo kwa jina la siku yake, na ndani ya tangazo tunasema “Jumamosi tarehe 14”, hata kama ni kesho.

Tubaki na makumbusho, maana ndiyo yanaleta watu. Yalikuwa matatu, kila moja na kazi yake. Alhamisi: bei na “leta kifuko chako cha kubebea”, ili mama aweke pesa pembeni kabla hazijaisha. Ijumaa jioni, saa ambayo watu wako nyumbani: njia, na alama ya mahali, si namba ya avenyu peke yake. Jumamosi saa mbili ya asubui (08h00): mstari mmoja tu, “Meza zimefunguka saa nne (10h00), tunakungoja.” Haya yalienda kwa wale waliotuma majina peke yao. Ukiyatuma kwenye kila grupu, watu wanakuzima, na ukiwa na jambo la kweli hawakusikii tena.

Kwa kutuma, fahamu kwamba orodha ya matangazo ya WhatsApp haizidi namba 256, tena inafika tu kwa yule aliyehifadhi namba yako. Ndiyo sababu kwa kila aliyetuma jina tulijibu: “Hifadhi namba hii.” Kwa wenye telefone ndogo tulitumia SMS. SMS moja ni herufi 160, lakini ukiweka kisura cha kucheka, au ile apostrofi iliyopinda inayokuja ukinakili kutoka kompyuta, nafasi inashuka mpaka 70, na mesaji moja unalipa kama mbili au tatu. Andika moja kwa moja kwenye telefone, bila mapambo.

Namna ya kujua kama mambo yanaenda ni maswali ya wanaopiga simu. Mama mmoja alikaa na kaye akiyaandika. Baada ya tarehe 7, wengi wakiuliza “ni nini?”, ufunuzi haukueleweka, lazima uusemwe upya. Wakiuliza “ni bei gani?”, ni vizuri, wanafikiria kununua. Hapa Alhamisi wengi waliuliza “ni upande gani wa soko?”, kwa hiyo kumbusho la Ijumaa tulilibadilisha, tukataja mti mkubwa na duka la rangi ya buluu.

Jumamosi hiyo vifuko vya pembeni vilichukuliwa karibu vyote kabla ya saa sita. Wale ambao hawakuchukua walipata mesaji jioni ile ile: kifuko chako kiko kwa mama prezidenti mpaka Jumatatu. Wengi walikuja. Mmoja alifika Jumatatu saa kumi kamili ya mchana, akicheka, akasema safari hii amesoma vizuri, lakini kazini walimkataza kutoka.