Tangazo la asali: tuandike maji yake

Wana koperative wa Kamanyola, tukitangazia asali wanunuzi wa Ulaya ao ndugu zetu wa diaspora, neno "safi" peke yake halitoshi. Kila muuzaji analiandika. Mnunuzi anataka kujua asali ina maji kiasi gani, sababu kanuni ya kimataifa ya Codex Alimentarius inataka yasipite 20%. Yakipita hapo, chachu inaamka njiani: povu linatoka, mfuniko unavimba, na chupa inafika ikinuka pombe.

Maji hayo tunayazuia siku ya kuvuna. Tutoe tu masega ambayo nyuki wamekwisha kuziba kwa nta. Yaliyo wazi tuyaache mzingani. Mwenye mizinga ya fremu aitikise kidogo: matone yakianguka, asali bado. Kisha tuweke tone moja kwenye refraktometa, na tuandike kile tulichosoma, kwa mfano:

"Asali ya Kamanyola. Imevunwa mwezi wa saba. Maji 18,5%. Chupa ya gramu 500."

Kipimo kikisema 21%, asali hiyo tusiitangaze wala tusiitume. Tuile nyumbani mapema, kabla haijachacha.