Alama 4 ya Karani wa Masijala

Katika fomu ya OPRAS, ambayo watumishi wa umma wa Tanzania walianza kuitumia mwaka 2004, alama 1 ndiyo iliyokuwa bora na 5 ndiyo iliyokuwa mbaya kabisa. Mtumishi alijipima, msimamizi alimpima, kisha ilitafutwa alama ya makubaliano. Siku hizi tathmini imehamia kwenye kompyuta, katika mfumo wa PEPMIS, lakini ugumu uko palepale: msimamizi akishusha alama, wengi husaini huku wakinung'unika, au huandika barua ya hasira usiku uleule.

Tuchukue mfano wa karani wa masijala. Lengo lake lilikuwa kufikisha asilimia 95 ya barua zinazoingia kwa maofisa kabla ya mwisho wa siku inayofuata. Mwezi Juni anapewa 4, na maelezo ni mstari mmoja tu: "Barua zinachelewa, watu wanalalamika."

Kabla ya kushika kalamu, anafungua daftari la barua na kuhesabu. Mwaka mzima zimeingia barua 1,200, na 1,104 zimefika kwa wakati. Hiyo ni asilimia 92. Kwa hiyo lengo hakulifikia, na jibu lake lazima likiri hivyo mwanzoni kabisa, kwa sababu msimamizi naye anaweza kulifungua daftari lilelile. Ila hesabu inaonyesha jambo la pili: kati ya barua 96 zilizochelewa, 71 ni za wiki tatu za Machi, mhudumu anayezisambaza alipokuwa likizo bila mtu wa kumshikia nafasi.

Sasa anaandika:

"Ndugu Msimamizi, nakubali kuwa sikufikia asilimia 95. Hata hivyo, naomba alama ya lengo la pili ipitiwe upya kutoka 4 hadi 3. Daftari linaonyesha asilimia 92, na barua 71 kati ya 96 zilizochelewa ni za Machi, wakati wa likizo ya mhudumu. Tarehe 4 Machi niliomba msaidizi kwa dokezo, nakala nimeambatanisha. Napendekeza mwaka ujao apangwe mtu wa kushika nafasi hiyo kabla ya likizo kuanza."

Ameligusa lengo moja tu. Malengo mengine aliyopimwa vibaya kwa haki ameyaacha, na hilo ndilo linaloipa barua uzito. Hakumtaja mwenzake aliyepata 2, maana msimamizi angeacha hoja na kuanza kumtetea huyo mwingine. Wala hakuandika "umenionea". Tarehe ya dokezo inatosha kuonyesha kwamba tatizo lilijulikana mapema.

Dokezo lile ndilo nguzo. Kama angeomba msaidizi kwa mdomo tu, takwimu za Machi zingebaki kuwa uzembe wake, na 3 ingekuwa vigumu kuidai. Wasingeelewana bado, fomu ya OPRAS ilikuwa na nafasi ya mwangalizi, mtu wa tatu asiyeijua masijala wala ugomvi wake, na ambacho angekuwa nacho mezani ni karatasi hizo mbili.