Chuma ya 10 ni ya 10 kweli? Uliza mizani

Ndugu wanakoperative, wakati wa kujenga depo ya mahindi, fundi anaandika ndani ya devi: vyuma vya betoni vya 10, fimbo 20. Mnalipa, kamyo inaleta. Lakini je, ile chuma ni ya 10 kweli? Kwa macho tu, ya 9 na ya 10 zinafanana.

Kuna hesabu moja fupi. Chukua unene wa chuma kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, halafu ugawanye kwa 162. Unapata kilo za mita moja. Ukizidisha kwa urefu, unapata uzito wote:

```
kilo = d × d ÷ 162 × mita
```

Ile 162 inatoka kwa uzito wa chuma wenyewe: mita kubo moja ina kilo 7.850.

Tufanye kwa chuma ya 10. 10 × 10 ni 100, gawanya kwa 162, ni kilo 0,617 kwa mita. Fimbo ya mita 12 inapashwa kuwa na kilo 7,4. Fimbo 20 zinakuwa kilo 148.

Sasa njo kazi inaanza. Msipime unene wa chuma yenye meno kwa rula, sababu meno yanadanganya. Mupime uzito. Mizani ya soko haioni vizuri fimbo moja, basi mufunge fimbo 5 pamoja. Mbele ya kufunga, mupime urefu wa kila moja, hata kama imekunjwa katikati kwa ajili ya kamyo: wengine wanakata kipande.

Tuseme fimbo 5 zina mita 12 kila moja, jumla mita 60. Zinapashwa kuwa na kilo 37. Mizani inasema 30. Rudisheni hesabu nyuma: 30 gawanya kwa 60 ni 0,5, zidisha kwa 162, ni 81. Namba gani ikijizidisha inatoa 81? Ni 9. Mmeuziwa chuma ya 9 kwa bei ya 10.

Milimita moja inaonekana kidogo, lakini nguvu nayo inafuata 81 na 100. Karibu sehemu moja ya tano imepotea. Boriti yenye vyuma 4 vya 10 ina 400. Kwa vya 9 ina 324 tu. Ingeomba vyuma 5, na hapo fundi mwenyewe aseme kama vinaenea.

Tofauti ndogo, kama kilo moja na nusu juu ya 37, ni ya kawaida kiwandani. Musigombane na muuzaji kwa hiyo. Mukinunua kwa kilo, hamupoteze feza, lakini boriti inabaki zaifu vilevile. Na mizani haionyeshe kama chuma yenyewe ni ya aina nzuri; inaonyesha unene tu.

Mupime mbele ya kamyo kurudi. Fundi akisha kukata, muuzaji hakubali tena.