Logi ya Sifuri Haipo, na Sababu Ipo

Fungua Excel, uandike =LOG(1000,10) kwenye kisanduku kimoja. Jibu ni 3. Sasa andika =LOG(5,1), linatokea #DIV/0!. Jaribu tena =LOG(0,10), safari hii ni #NUM!. Programu imekataa mara mbili, na kila mara kwa sababu yake.

Logi ni swali: kizio kipewe kipeo gani ili kitoe namba tunayoitaka? 10 kwa kipeo cha 3 ni 1000, kwa hiyo logi ya 1000 kwa kizio cha 10 ni 3. Swali hilo linafaa pale tu jibu linapokuwepo, tena likiwa moja.

Kizio kikiwa 1 tumekwama. Zidisha 1 kwa 1 hata mara elfu, utabaki na 1, na 5 hutaifikia. Ukitafuta logi ya 1 yenyewe, kila namba inafaa kuwa jibu, na hilo ni baya vilevile. Excel hugawanya logi ya namba kwa logi ya kizio. Logi ya 1 ni 0, basi inajikuta ikigawanya kwa sifuri.

Kizio hasi ndicho kinachowapoteza wengi, maana mwanzoni kinaonekana kufaa. Chukua -2. Kipeo cha 2 kinatoa 4, cha 3 kinatoa -8, cha 4 kinatoa 16. Je, 8 iko wapi? Ukubwa huo unapatikana kwa kipeo cha 3 peke yake, nacho kimetuletea -8. Jaribu kipeo cha 2.5: unatakiwa kutafuta kipeuo cha pili cha -32, na hakuna namba halisi inayojizidisha yenyewe ikatoa hasi. Kizio cha namna hiyo kimejaa mashimo. Sifuri nayo haifai: kipeo chanya kinairudisha sifuri, kipeo hasi kinadai tugawanye kwa sifuri.

Tuje kwenye logi ya sifuri. Kwa kizio cha 10, kipeo cha -1 kinatoa 0.1, cha -2 kinatoa 0.01, cha -6 kinatoa 0.000001. Kila hatua ni kugawanya kwa 10, na sehemu ya kumi ya kitu bado ni kitu. Tunaikaribia sifuri bila kuigusa.

Tuseme kwa nguvu kwamba logi ya 0 ni namba fulani. Kanuni inasema logi ya namba mbili zilizozidishwa ni jumla ya logi zake. Kwa kuwa 0 × 5 = 0, basi:

log 0 + log 5 = log 0

Toa log 0 pande zote mbili, inabaki log 5 = 0. Lakini log 5 ni kama 0.699. Kwa hiyo namba hiyo haipo.

Basi ukiona #NUM! kwenye safu ya logi zako, tafuta kwanza kisanduku chenye sifuri au namba hasi. Angalia pia kilichoachwa wazi, maana Excel hukisoma kama sifuri.