Umeacha soda, mbona kilo hazishuki kama hesabu inavyosema?

Hesabu ya uzito inasikika nyepesi. Chakula huingiza nishati mwilini, nayo hupimwa kwa kalori. Kuishi na kufanya kazi huitumia. Kinachoingia kikizidi kinachotumika, mwili huweka akiba ya mafuta. Kikipungua, akiba hiyo huliwa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 40 anayeuza nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mwenye kilo 75. Kwa siku anatumia takriban kalori 2,100. Nyingi kati ya hizo, kama 1,400, zingetumika hata kama angelala kutwa nzima, kwa sababu moyo, ubongo, ini na figo havipumziki. Zinazobaki ni za kusaga chakula, kusimama, kubeba mizigo na kutembea.

Kila mchana mama huyu hunywa soda moja ya chupa ya mililita 350, yenye kalori kama 150. Ameamua kuiacha. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, hivyo kwenye karatasi atapungua kilo 7 kwa mwaka. Lakini endeleza hesabu hiyohiyo kwa miaka 5: atakuwa amepungua kilo 35 na kubaki na kilo 40, kwa sababu ya soda moja tu. Hapo kila mtu anaona kuna kitu hakiko sawa.

Kosa ni kudhani kwamba matumizi ya mwili hayabadiliki. Mwili ukipungua, unahitaji nishati kidogo zaidi kujiendesha na kujibeba. Pengo la kalori 150 linajiziba polepole, mpaka uzito unatulia mahali papya. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall wa Marekani na wenzake walichapisha kanuni iliyo karibu zaidi na ukweli kwa watu wazima wenye uzito uliozidi: kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, bila kurudishwa, hatimaye hushusha kilo 1. Kwa mama wetu hiyo ni kama kilo 6, na nusu yake ndiyo hushuka mwaka wa kwanza. Kwa hiyo akipungua kilo 3 kwa mwaka hajashindwa. Yuko palepale anapopaswa kuwa.

Je, angeendelea na soda, halafu aitembelee? Kwa uzito wake, kila kilomita humgharimu kama kalori 40 za ziada, kwa hiyo soda moja ni karibu kilomita 4. Hata hivyo, hapo pia mwili una ujanja wake, na ushahidi umetoka hapahapa Tanzania.

Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwapima Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji maalumu yanayoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, ambayo huonyesha mtu ametumia nishati kiasi gani kwa siku kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wahadzabe hutembea sana kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wa ofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi kwingine ndani, ingawa wanasayansi bado wanajadili ni kwa kiasi gani. Kutembea kunabaki kuwa kinga nzuri ya moyo na kisukari, ila kwa kilo, sahani ina uzito zaidi kuliko viatu.

Na sahani yenyewe haihesabiki kirahisi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Chapati mbili za mama lishe wawili tofauti zinaweza kupishana kwa kiasi hicho bila jicho kuona. Soda iliyoachwa mchana inaweza kurudi jioni ndani ya sufuria.

Mizani nayo hudanganya kwa siku moja moja, kwa sababu chakula chenye chumvi nyingi huweza kubakiza maji mwilini. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai, kisha linganisha mwezi na mwezi.

Watoto msiwaingize kwenye hesabu hii, maana wanahitaji nishati ya kukua. Mwenye wasiwasi ampeleke kliniki. Na mtu mzima anayekonda bila kupunguza chakula asifurahie. Kisukari na kifua kikuu huweza kuanza hivyo, kwa hiyo aende kupimwa.