Utangamano na Ujumuishi katika Elimu Maalumu

Istilahi hizi mbili hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe, ilhali kila moja hujibu kwa namna yake swali lilelile: mtoto mwenye ulemavu anapoingia katika shule ya kawaida, ni nani anayepaswa kubadilika?

Katika utangamano, mzigo humwelemea mtoto. Anapokewa kwa matarajio kwamba ataumudu utaratibu uliokuwapo kabla yake. Katika ujumuishi, shule ndiyo inayorekebishwa. Sarufi yenyewe inaidhihirisha tofauti hiyo. Anayetangamana na wengine ndiye mtenda wa kitenzi, na hapa mtenda huyo ni mtoto. Kitenzi jumuisha ni cha usababishi, nacho humhitaji mtu au chombo kinachofanya wengine wajumuike. Kwa hiyo, elimu jumuishi ni elimu inayojumuisha, na wajibu wa kutenda ni wake.

Mabadiliko ya fikra yalikuja kwa hatua. Mwaka 1978, ripoti ya kamati iliyoongozwa na Mary Warnock nchini Uingereza ilibainisha utangamano wa aina tatu: wa mahali, wa kijamii na wa kiutendaji. Mtoto aweza kuwa katika kiwanja kimoja na wenzake, hata kula nao, bila kusoma nao. Mwaka 1994, Tamko la Salamanka, lililopitishwa nchini Uhispania, lilizitaka shule za kawaida zimpokee kila mtoto na kujirekebisha kulingana na mahitaji yake.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa darasa la nne mwenye uoni hafifu. Katika shule ya utangamano, anaketishwa dawati la mbele, kisha anatakiwa kunakili ubaoni kama wengine. Asipomaliza, huandikwa kwamba “hawezi kumudu darasa” na kurudishwa katika kitengo maalumu. Katika shule jumuishi, kushindwa huko huchunguzwa kama kasoro ya ufundishaji. Mwalimu husoma kwa sauti kila anachoandika, huzuia mwanga wa dirisha usiung’arishe ubao, hutoa maandishi yaliyokuzwa, na humwongezea muda wa mtihani. Lengo la somo halipunguzwi. Hubadilishwa njia ya kulifikia.

Hata hivyo, ujumuishi hauna maana ya kuondoa utaalamu. Mtoto kiziwi aliyewekwa peke yake miongoni mwa wasiojua lugha ya alama hajajumuishwa, hata kama jina lake limo katika orodha ya darasa. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 24, unadai walimu wanaomudu lugha ya alama na Breli.

Kwa mfasiri, kipimo ni kimoja. Matini ikieleza mtoto anayezoeshwa shule, itumike utangamano. Ikieleza shule inayorekebishwa kwa ajili ya mtoto, itumike ujumuishi.